Barua ya meneja kwa mhudumu wa vyumba anayetaka kazi ya meli: yapi yaandikwe, yapi yaachwe

Kila mwaka Pasaka ikipita na mvua za masika zikishika, hoteli za pwani yetu hupunguza wafanyakazi. Wahudumu wa vyumba kutoka Diani, Nyali, Watamu na Malindi hurudi nyumbani, na wengi huanza kuulizia kazi za meli za kitalii. Ajenti huwaambia walete barua ya mapendekezo kutoka kwa meneja wa hoteli. Hapo ndipo mambo hukwama, kwa sababu wengi huchanganya karatasi mbili ambazo hazifanani.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha utumishi. Hicho ni haki yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe cheti hicho kila mfanyakazi anayeondoka, mradi amefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Kinataja jina la mwajiri na anwani yake, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali ulipoifanyia, na siku uliyoacha. Mwajiri anayekunyima kwa makusudi anaweza kushtakiwa na kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Karatasi ya pili ni barua ya mapendekezo, ile inayosema tabia yako na ubora wa kazi yako. Kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kukupa. Hiyo ni hisani. Kwa hivyo cheti unaweza kukidai, lakini barua inabidi uiombe, tena uiombe vizuri, na ikiwezekana kabla hujakabidhi sare. Meneja akishahamia hoteli nyingine, aliyebaki ofisini hakujui.

Nieleze kwa mfano ulionipitia mikononi mwangu. Nina diploma ya mambo ya hoteli, na majirani huniletea barua zao nizisome. Binti mmoja wa Lugulu, kule Bungoma, alishuka Mombasa kwa shangazi yake mtaani kwetu kutafuta kazi ya meli. Alikuwa amefanya kazi ya vyumba katika hoteli moja ya Kitale. Barua aliyokuja nayo ilikuwa na sentensi tatu: kwamba ni mchapa kazi, mwaminifu na mwenye nidhamu, kwamba alikuwa nao tangu 2021, na kwamba wanamtakia kila la heri. Ajenti aliirudisha. Binti akadhani hoteli ya bara ndiyo iliyomponza, kwamba angetoka hoteli ya ufuoni angepita.

Niliposoma barua ile niliona shida mbili, na hoteli ya Kitale haikuwa mojawapo.

Ya kwanza ni tarehe. Barua ilisema 2021, lakini wasifu wake ulisema alianza Machi 2022. Nilimuuliza, akanieleza kwamba aliingia Oktoba 2021 kama kibarua wa dobi, akifua na kupiga pasi mashuka, kisha Machi 2022 akahamishiwa vyumbani kwa mkataba. Aliacha Juni 2024. Yeye aliona aibu kuutaja ukibarua, na meneja akauhesabu bila kuueleza. Wote wawili walisema kweli, lakini kwa msomaji wa ofisini karatasi mbili zenye tarehe tofauti ni dalili ya kughushi. Ajenti makini huanza na tarehe, tena huzilinganisha barua, wasifu na cheti cha utumishi. Ukiwa na miezi ya kibarua, itajwe kwa jina lake. Dobi si aibu. Melini nako kuna dobi.

Ya pili ni kwamba barua haikueleza kazi yenyewe. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini karatasini chema hakijiuzi. Anayesoma barua ya mhudumu wa vyumba anatafuta jambo moja: je, huyu ataweza mwendo wa meli? Mhudumu wa kabini melini huwa na kabini zake, mara nyingi kumi na kitu au zaidi, na katika baadhi ya meli huingia kila moja asubuhi kusafisha na jioni kuiandaa kwa usiku. Anafanya kazi siku saba kwa wiki, kwa mkataba wa miezi sita hadi tisa hivi. Siku ya kubadilisha abiria ndiyo ngumu zaidi: wa zamani wanashuka asubuhi, wapya wanaanza kupanda mchana, na kabini zote ziwe tayari katikati ya hapo. Tena meli huogopa sana maradhi ya kutapika na kuharisha, kwani abiria wengi wamo mahali pamoja, kwa hivyo usafi wa choo na matumizi sahihi ya dawa si jambo dogo.

Sasa meneja wa Kitale hajui meli, na hahitaji kuijua. Anachohitaji ni kutaja yale aliyoyaona kwake yanayofanana na hayo. Idadi ya vyumba kwa zamu inaonyesha mwendo. Siku hoteli ilipojaa na wageni kuondoka kwa pamoja ndiyo siku ya kubadilisha abiria. Kuchanganya dawa kwa vipimo kunaonyesha usafi. Kitabu cha vitu vilivyosahauliwa na wageni kinaonyesha uaminifu kuliko neno «mwaminifu» lenyewe, kwa sababu anayekabidhi simu au pesa iliyoachwa chumbani huandikwa humo.

Nikamwambia binti asimwombe meneja wake «barua nzuri zaidi», bali ampelekee mambo ya kuandika. Meneja ana shughuli zake, na asipokumbushwa ataandika zile sentensi tatu tena. Ujumbe wake ulikwenda hivi: «Madam, habari za asubuhi. Ni mimi niliyekuwa ghorofa ya pili upande wa vyumba. Naomba radhi kukusumbua. Barua uliyonipa imehitaji maelezo zaidi. Nimekuandikia hapa tarehe zangu na kazi nilizofanya. Tafadhali uzilinganishe na faili langu, na lolote lisilo sawa uliondoe.» Hayo ya mwisho ni muhimu. Meneja haombwi kusema uongo, anaombwa kuthibitisha.

Barua iliyorudi kwa barua pepe iliandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya ofisi hizo. Kwa Kiswahili ilikuwa na maana hii:

«Hoteli yetu ina vyumba 48, na wageni wetu wengi ni watu wa biashara, mashirika na mikutano. Mwombaji alifanya kazi kwetu kama kibarua wa dobi kuanzia Oktoba 2021 hadi Februari 2022, kisha kama mhudumu wa vyumba kwa mkataba kuanzia Machi 2022 hadi Juni 2024. Alisafisha vyumba 13 kwa zamu, siku sita kwa wiki. Wakati wa maonyesho ya kilimo ya Kitale, hoteli inapojaa, alikuwa miongoni mwa tuliowategemea kumaliza vyumba vya wanaoondoka kabla ya saa nane mchana. Amefunzwa hapa kuchanganya dawa za kusafishia kwa vipimo na kutenganisha vitambaa vya chooni na vya chumbani. Alikabidhi vitu vya wageni vilivyosahauliwa, na kitabu chetu kinaonyesha hivyo. Huongea na wageni kwa Kiingereza cha kueleweka. Aliacha kwa hiari baada ya kutoa notisi. Nafasi ikipatikana, tungemwajiri tena. Nilimsimamia moja kwa moja kwa miaka miwili.»

Tazama sentensi ya kwanza. Hoteli za Diani zinajulikana na wengi wa maajenti wetu, lakini hoteli ya Kitale haijulikani Mombasa, sembuse Ulaya. Kwa hivyo barua ianze kwa kueleza hoteli: ukubwa wake na aina ya wageni. Tazama pia mbili za karibu na mwisho. Kwa nini aliacha, na je, mungemrudisha? Hayo ndiyo maswali ambayo mwajiri mpya huyauliza kwa simu, na barua iliyokwisha kuyajibu humwondolea shaka.

Kuna jambo ambalo binti alitaka liongezwe na meneja akakataa: kwamba alikuwa akiandaa vyumba jioni. Hoteli ile haina huduma hiyo. Meneja alifanya vyema. Kila sentensi ya barua hugeuka swali la intavyu. Ukiandikiwa kwamba unaandaa chumba jioni, utaulizwa hatua zake. Ukiandikiwa vyumba 13, utaulizwa unatumia dakika ngapi chumba kimoja na unaanza wapi. Binti alijua jibu la vyumba 13 bila kufikiri, maana ndiyo maisha yake. La jioni angeligugumia.

Chini ya barua ndiko watu wengi huangukia. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hoteli, na tarehe, sahihi, muhuri, jina na cheo cha aliyeandika. Namba ya simu iwe ya hoteli pamoja na ya meneja, na barua pepe iwe ya hoteli. Barua pepe ya binafsi peke yake hutia shaka, kwani yeyote aweza kuifungua. Kisha mwarifu meneja kwamba atapigiwa. Simu ikilia naye akasema «simkumbuki», barua imekufa.

Hoteli nyingine zina sera ya kutoa tarehe tu. Usigombane nao. Chukua cheti cha utumishi, kisha umwombe msimamizi wako wa vyumba ruhusa ya kumtaja kama mtu wa kupigiwa simu. Neno lake la mdomo huweza kufanya kazi ya barua.

Mwisho, jihadhari na anayekuuzia barua. Wapo wanaotoa barua ya hoteli ambayo hukuwahi kuingia jikoni mwake, na ikigundulika jina lako ndilo linalochafuka. Na ajenti akikutoza ada ya kupewa kazi, simama. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Gharama zinazoweza kuwa zako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Kabla ya kumkabidhi mtu karatasi zako, uliza kwa mamlaka ya bahari ya Kenya, KMA, hapa Mombasa, kama ajenti huyo ana leseni. Na umwachie nakala tu. Barua yenye sahihi ya wino ibaki kwako.

Barua nzuri haimpandishi mtu melini. Bado kuna mafunzo ya usalama wa baharini, uchunguzi wa afya na cheti cha tabia njema cha polisi. Kazi ya barua ni kukufikisha kwenye intavyu ukiwa na maneno unayoweza kuyasimamia. Binti wa Lugulu barua yake ya pili ilipokewa, na ajenti akapiga simu Kitale siku iyo hiyo. Alichouliza kilikuwa tarehe.