BEI YA HALALI YA HOTELI NDOGO

Mambo Matatu Ayatazamayo Mnunuzi: Daftari, Vyombo na Nyumba

Katika miji mingi ya Kenya hoteli ndogo za chai na chakula huuzwa kila mwaka. Mwenye hoteli amezeeka, au anahamia kwao, au ataka fedha za kazi nyingine. Mara nyingi muuzaji na mnunuzi hugombana juu ya bei, kwa sababu mmoja ahesabu jasho lake la miaka mingi, na mwingine ahesabu akiba yake iliyomo benki. Wote wawili hawana budi kuelewa jambo moja, nalo ni hili: kinachouzwa ni faida itakayobaki baada ya muuzaji kuondoka. Meza na masufuria ni sehemu ndogo tu ya mali hiyo.

Ili jambo hili lionekane wazi, na tutazame mfano wa hoteli yenye meza nane iliyo kando ya steji ya matatu, ifunguliwayo siku sita kwa juma. Hesabu zake ni za mfano, lakini njia ya kuzipima ndiyo itumiwayo na wanunuzi wenye busara. Mwenye hoteli hiyo asema kwamba huingiza Sh. 15,000 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi hiyo ni Sh. 390,000. Asema kwamba akiisha kulipa gharama zote hubakiwa na Sh. 100,000. Kwa hiyo ataka Sh. 1,200,000 kwa ajili ya biashara, na juu yake Sh. 300,000 kwa ajili ya vyombo.

Kupima Mapato

Daftari iliyoandikwa kwa mkono ni ushahidi, lakini si ushahidi wa kutosha. Kurasa zilizoandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko usiobadilika, zisizo na doa la mafuta wala la chai, huenda ziliandikwa zote katika usiku mmoja. Kwa sababu hiyo mnunuzi hutaka ushahidi mwingine ambao muuzaji hakuuandika mwenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni taarifa ya M-Pesa ya namba ya kulipia ya biashara, ya miezi 12 mfululizo. Miezi mitatu haitoshi, kwa maana hoteli iliyo karibu na shule huanguka wakati wa likizo, na iliyo karibu na soko la mazao hufuata mavuno. Katika mfano wetu taarifa yaonyesha wastani wa Sh. 190,000 kwa mwezi. Lakini si kila shilingi iliyoingia humo ni bei ya chakula. Mnunuzi aipitia mstari kwa mstari na kuona fedha zilizotumwa na jamaa, na malipo makubwa ya karamu moja ambayo haitarudi. Akiziondoa hizo, zabaki Sh. 168,000.

Muuzaji atasema kwamba zilizosalia hulipwa kwa fedha taslimu. Yawezekana ni kweli, nayo yaweza kupimwa. Mnunuzi aketi hotelini siku tatu nzima: siku ya kawaida, siku ya soko, na siku ya mwisho wa mwezi. Ahesabu ni kiasi gani hulipwa kwa simu na kiasi gani kwa noti na sarafu. Hapa aona kwamba katika kila shilingi 100, shilingi 60 zalipwa kwa simu na 40 kwa taslimu. Basi ikiwa Sh. 168,000 ni sehemu 60 katika 100, mapato yote ya mwezi ni Sh. 280,000, wala si Sh. 390,000.

Ushahidi wa pili ni unga. Muuzaji asema kwamba huuza chapati 200 kwa siku. Mnunuzi aomba stakabadhi za duka la jumla, naye aona kwamba hoteli hununua mafurushi matatu ya unga wa ngano kwa juma. Kila furushi lina paketi 12 za kilo mbili, yaani paketi 36 kwa jumla. Siku ile aliyokaa jikoni alihesabu kwamba paketi moja ilitoa chapati 22. Kwa hiyo unga wa juma moja hutoa chapati 792, yaani 132 kwa siku, hata kama hakuna unga wowote ulioingia katika mandazi. Njia mbili zisizohusiana zimetoa jibu la namna moja: mapato yalitajwa zaidi ya yalivyo.

Kipimo hiki humfaa muuzaji mwaminifu pia. Aliyehifadhi stakabadhi zake za unga, nyama na mafuta kwa mwaka mzima ana neno la kujibu pale mnunuzi anapojaribu kushusha bei bila sababu.

Mshahara wa Mwenyewe

Baada ya mapato huja gharama. Katika hoteli hii chakula na vinywaji hugharimu Sh. 140,000 kwa mwezi, mishahara ya wafanyakazi wanne Sh. 56,000, kodi ya nyumba Sh. 20,000, gesi, makaa, stima na maji Sh. 18,000, na leseni pamoja na matengenezo Sh. 6,000. Jumla ni Sh. 240,000, na zabaki Sh. 40,000.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye hoteli hii huamka saa kumi za alfajiri, hununua nyama, husimamia jiko na kupokea fedha hadi usiku. Hajawahi kujiandikia mshahara. Lakini mnunuzi atafanya kazi hiyo mwenyewe na kuacha kazi nyingine, ama ataajiri msimamizi. Msimamizi akilipwa Sh. 20,000, faida halisi ya biashara ni Sh. 20,000 kwa mwezi, yaani Sh. 240,000 kwa mwaka.

Mnunuzi huyu ataka fedha zake zirudi katika miaka miwili, kwa kuwa hoteli ndogo yaweza kuharibiwa upesi na mpishi anayehama, au steji inayohamishwa. Kwa hiyo thamani ya hoteli kwake ni Sh. 480,000. Kama hesabu zingalikuwa safi zaidi, na nyumba ina mkataba mrefu, angaliweza kukubali kungoja miaka mitatu na kulipa zaidi.

Vyombo

Vyombo havijumlishwi juu ya bei hiyo. Faida ya Sh. 240,000 haiwezi kupatikana bila jiko na sufuria, basi vyombo vimo tayari ndani ya thamani ya biashara. Kuvilipia tena ni kulipa mara mbili. Kazi ya kuvihesabu ni nyingine: ni kujua mnunuzi ataokoa kiasi gani iwapo biashara itakufa. Kipimo chake ni bei ambayo muuza vyombo vilivyotumika angetoa leo, wala si bei ya dukani vilipokuwa vipya. Katika mfano huu Sh. 300,000 za muuzaji zageuka kuwa Sh. 180,000.

Friza iachwe ikifanya kazi siku nzima, na mpira wa mlango wake utazamwe kama umepasuka. Mipira ya gesi na matako ya sufuria yakaguliwe. Kisha iulizwe kila chombo ni cha nani. Friji yenye jina la kampuni ya soda kwa kawaida ni mali ya kampuni hiyo. Karo la kuoshea lililojengewa ukutani na bomba la moshi huenda ni vya mwenye nyumba. Tena, chombo chaweza kuwa kimewekwa rehani ya mkopo. Tangu sheria ya mwaka 2017 juu ya rehani za mali zinazohamishika, Kenya ina daftari maalum ya rehani hizo, na mnunuzi aweza kuipekua kabla ya kulipa.

Nyumba

Jambo la tatu laweza kuyafuta mawili ya kwanza. Wateja wa hoteli hii huja kwa sababu ya steji. Ikihamishwa mtaa wa pili, si hoteli ile tena. Kwa hiyo haki ya kukaa katika nyumba ile ndiyo nguzo ya bei.

Sheria ya Kenya ya Sura 301, iliyotungwa mwaka 1965, huwalinda wapangaji wa maduka na hoteli ambao hawana mkataba ulioandikwa, au wenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji wa namna hiyo, wala kupandisha kodi, kwa neno la mdomo. Ni lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa, ya muda usiopungua miezi miwili, na mpangaji aweza kupeleka shauri lake mbele ya Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara kabla notisi haijatimia.

Lakini ulinzi huo ni wa mpangaji, na mnunuzi si mpangaji bado. Hawezi kurithi nafasi ya muuzaji bila idhini ya mwenye nyumba. Aliyelipa kwanza na kumwona mwenye nyumba baadaye huenda akaambiwa aondoke, au atoe fedha nyingi za kuingilia, au alipe kodi mpya. Kodi ikipanda kutoka Sh. 20,000 hadi Sh. 30,000, faida ya mfano wetu yashuka kwa nusu, na thamani ya hoteli yawa Sh. 240,000. Idhini isipopatikana kabisa, kilichobaki ni vyombo vya Sh. 180,000.

Kwa hiyo watu watatu hukutana: muuzaji, mnunuzi na mwenye nyumba. Idhini na kiasi cha kodi huandikwa na kutiwa sahihi kabla fedha hazijatoka. Risiti za kodi za nyuma huonyeshwa, ili deni lisimwangukie mgeni. Amana ambayo muuzaji aliweka kwa mwenye nyumba huhesabiwa peke yake, na vivyo hivyo unga, sukari na mafuta yaliyomo ghalani siku ya makabidhiano.

Siku ya Makabidhiano

Madeni ya biashara yaweza kumfuata mnunuzi. Sheria ya Kuhamisha Biashara, Sura 500, yataka tangazo la kuhamishwa litolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Bila hilo wadai wa muuzaji waweza kumdai aliyenunua. Namba ya M-Pesa ya biashara imeandikishwa kwa muuzaji, basi mnunuzi afungue yake na kuibandika ukutani siku ile ile, la sivyo bei ya chai itaendelea kuingia mfukoni mwa aliyeondoka. Leseni ya kaunti huombwa kwa jina jipya, na vyeti vya afya vya wapishi na watumishi wa meza hutazamwa tarehe zake.

Tena yafaa muuzaji abaki hotelini majuma mawili au matatu, awajulishe wateja na wauza nyama kwa mwenyeji mpya. Wanunuzi wengine hubakiza sehemu ya bei, kama sehemu moja katika tano, ilipwe mwisho wa muda huo mapato yakionekana kuwa kama yalivyohesabiwa. Muuzaji ambaye daftari yake ni ya kweli hana hasara katika sharti hilo.