Trekta la miezi kumi, fotokopi ya miaka mitatu

Kaunti ya Kakamega ina historia ya mkataba mmoja mkubwa wa ukodishaji. Mwishoni mwa mwaka 2021, kiwanda cha sukari cha Mumias, kikiwa chini ya msimamizi aliyewekwa kwa ajili ya wadai, kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda kwa miaka 20. Mkataba wa namna hiyo hauna pa kujificha katika hesabu. Lakini mikataba mingi inayotiwa saini katika ukanda huu wa miwa ni midogo au ya muda mfupi: trekta la kuvuta miwa kwa msimu mmoja, jenereta, mashine ya fotokopi, kompyuta za ofisi. Hii ndiyo inayowasumbua wahasibu, kwa sababu sheria inawapa ruhusa ya kutoiweka kwenye mizania, na ruhusa hiyo ina masharti yake.

Sheria yenyewe ni IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha hesabu za ukodishaji, kilichotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kabla yake, kampuni ingeweza kukodi vitu vya mamilioni kwa miaka mingi, ikaandika kodi ya kila mwezi kama gharama tu, na msomaji wa mizania asione deni lolote. Sasa aliyekodi lazima akadirie malipo yote yaliyobaki kwa thamani ya leo, ayaandike kama deni, na upande wa pili aandike rasilimali, yaani haki ya kukitumia kitu kile kwa muda wa mkataba.

Tuone uzito wa jambo hilo kwa mfano. Kampuni ya kubuni iliyoko Kakamega inakodi trekta kwa miaka mitatu, shilingi 120,000 kila mwisho wa mwezi, na benki ingeikopesha kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Siku ya kwanza mizania yake inapata deni la takriban shilingi milioni 3.5, na rasilimali ya kiasi hicho hicho. Kodi inayotoka mfukoni ni shilingi milioni 1.44 kila mwaka, lakini gharama inayoonekana katika hesabu, yaani uchakavu pamoja na riba, ni karibu milioni 1.6 mwaka wa kwanza, kisha inashuka hadi karibu milioni 1.27 mwaka wa tatu. Riba huwa kubwa deni linapokuwa kubwa. Kwa trekta moja kazi hii inavumilika. Kwa fotokopi, simu na viti vya ofisi, kuikokotoa kila mara ni kumchosha mhasibu bila kumfaidi msomaji.

Ndiyo maana kiwango kinatoa misamaha miwili. Wa kwanza ni wa mikataba ya muda mfupi: muda wake, kuanzia siku kitu kinapokabidhiwa, ni miezi 12 au chini ya hapo, na hakuna kipengele kinachompa aliyekodi haki ya kukinunua. Wa pili ni wa vitu vya thamani ndogo, hata vikikodiwa kwa miaka mitano. Anayetumia msamaha wowote kati ya hiyo haandiki deni lile wala rasilimali ile. Anaandika kodi kama gharama, kwa kawaida kwa kuigawa sawasawa katika muda wote wa mkataba.

Hapo kwenye kugawa sawasawa ndipo makosa mengi huanzia, kwa kuwa wengi hudhani maana yake ni kuandika gharama pesa inapolipwa. Sivyo. Turudi kwa kampuni yetu, ambayo inafunga mwaka wake wa hesabu tarehe 30 Juni. Safari hii inakodi trekta kwa miezi kumi, kuanzia 1 Machi hadi 31 Desemba. Mwenye trekta, akitaka kumvuta mteja, anasamehe kodi ya miezi miwili ya kwanza. Miezi minane inayobaki ni shilingi 150,000 kila mmoja, jumla shilingi 1,200,000.

Trekta linafanya kazi miezi yote kumi, ikiwemo ile miwili isiyolipiwa. Kwa hiyo gharama ya kila mwezi ni 1,200,000 gawanya kwa 10, yaani shilingi 120,000. Machi na Aprili hakuna pesa iliyotoka, lakini vitabu vinaandika gharama ya 120,000 kila mwezi, na upande wa pili malimbikizo ya kodi inayodaiwa. Kuanzia Mei, malipo ya 150,000 yanagawanyika: 120,000 ni gharama ya mwezi huo, na 30,000 inapunguza malimbikizo. Kufikia 30 Juni gharama ni 480,000, zilizolipwa ni 300,000, na tofauti ya 180,000 inakaa kwenye mizania kama deni dogo la kawaida. Miezi sita ya mwisho inalipa 900,000 dhidi ya gharama ya 720,000, na Desemba malimbikizo yanakwisha kabisa. Kama siku hiyo akaunti hiyo haisomi sifuri, kuna mwezi ulioandikwa vibaya.

Mhasibu aliyefuata pesa angeripoti gharama ya 300,000 hadi Juni, na faida ya mwaka ingekuwa juu kwa 180,000 zisizo za kweli. Sheria inaruhusu mgawanyo mwingine iwapo unaeleza vizuri zaidi jinsi faida ya kitu inavyopatikana. Lakini tarehe za kulipa pekee si sababu ya kuuchagua.

Swali linalofuata ni kama miezi kumi ni kumi kweli. Muda wa mkataba haupimwi kwa tarehe zilizoandikwa tu. Ukiwa na haki ya kuongeza muda, na ni karibu hakika kwamba utaitumia, muda ule wa ziada unahesabiwa tangu siku ya kwanza. Tuseme mkataba wetu unairuhusu kampuni kuongeza miezi kumi mingine kwa kodi ile ile, na kampuni imekwisha kununua trela linaloungana na trekta hilo pekee, na bajeti ya mwaka ujao tayari ina kodi yake. Huo ni mkataba wa miezi 20, na msamaha haupo. Kwa upande mwingine, kama mkataba hautoi haki yoyote ya kuongeza, na kila Desemba pande mbili huketi upya kujadiliana huku kila mmoja akiwa huru kuondoka bila hasara ya maana, basi kila mkataba mpya unapimwa peke yake. Mkaguzi anayetaka kujua ukweli ataangalia iwapo nambari ile ile ya usajili wa trekta inajirudia kwenye vocha mwaka baada ya mwaka. Akiiona, ataomba mkataba, bajeti na kumbukumbu za mikutano ya bodi.

Haki ya kununua ni kali zaidi. Hata kama bei iliyowekwa ni kubwa na hakuna anayefikiria kununua, kuwepo kwa haki hiyo kunauondoa mkataba kwenye msamaha wa muda mfupi. Pia uchaguzi huu hufanywa kwa aina nzima ya vitu. Kampuni haiwezi kusamehe trekta moja la muda mfupi na kuliweka jingine la muda mfupi kwenye mizania kwa kadiri inavyopenda faida ionekane.

Msamaha wa thamani ndogo, kinyume chake, huchaguliwa mkataba kwa mkataba. Kampuni yetu ina fotokopi kwa miaka mitatu, na mashine kama hiyo ikiwa mpya inauzwa shilingi 400,000. Kiwango chenyewe hakitaji kiasi. Ila maelezo ya bodi iliyokitunga yanasema kwamba mwaka 2015, ilipofanya uamuzi, ilifikiria vitu vyenye thamani ya takriban dola 5,000 au chini vikiwa vipya. Kwa kiwango cha karibu shilingi 130 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 650,000. Fotokopi inapita. Trekta, hata likiwa kuukuu na bei yake sokoni imeshuka kabisa, halipiti, kwa sababu kinachopimwa ni bei ya kitu hicho kikiwa kipya. Gari la ofisi nalo halipiti kwa sababu hiyo hiyo.

Ukubwa wa aliyekodi hauna nafasi katika kipimo hiki. Chama kidogo cha akiba na mikopo mjini Kakamega na benki kubwa ya Nairobi hupata jibu moja kwa kompyuta ile ile. Chama kikikodi kompyuta 200, kila moja hupimwa peke yake, ingawa jumla yake ni mamilioni, kwa kuwa kila moja inaweza kutumika yenyewe. Kinachokataliwa ni kukikatakata kitu kimoja kikubwa katika vipande vya bei ndogo, mfano kukodi injini na magurudumu ya lori kwa mikataba tofauti. Na anayekodi kitu akiwa na nia ya kumkodisha mtu mwingine hawezi kukiita cha thamani ndogo.

Katika mikataba ya fotokopi kuna jambo moja la kuangalia: malipo ya kila mwezi mara nyingi yanachanganya mashine na huduma. Tuseme kodi ni shilingi 10,000 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 12,000 wa pili na 14,000 wa tatu, na juu yake kuna malipo kwa kila karatasi inayochapishwa. Kodi ya mashine ni jumla ya 432,000, hivyo gharama ni 12,000 kila mwezi kwa miezi 36. Malipo ya karatasi hayaingii kwenye mgawanyo huu, kwa kuwa yanategemea kazi iliyofanyika. Yanaandikwa mwezi yanapotokea.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kuna ukodishaji. Mkandarasi anayelipwa kwa tani, akileta trekta lolote alilonalo na dereva wake, akiamua mwenyewe lipite wapi na lini, anauza usafirishaji. Hapo msamaha hauhitajiki, kwa kuwa hakuna kilichokodiwa.

Biashara nyingi ndogo za Kakamega zinaweza kutumia kiwango cha biashara ndogo na za kati, ambacho hata katika toleo lake la 2025 hakikuchukua mfumo huu mpya, na kodi ya kawaida bado hugawanywa sawasawa. IFRS 16 inawahusu wanaofuata viwango kamili, kama benki na kampuni zilizo kwenye soko la hisa. Msomaji wa ripoti zao atafute maelezo ya ukodishaji nyuma ya mizania. Gharama ya mikataba ya muda mfupi inapaswa kutajwa peke yake, na ya vitu vya thamani ndogo peke yake. Gharama ya muda mfupi ikiwa kubwa na ikijirudia karibu kiasi kile kile kila mwaka, muulize mhasibu ni vitu gani hivyo, na vimekaa uani kwa miaka mingapi.