Tangi la 20: andika kapsheni tatu, posti moja

Umewahi kuposti jambo la furaha, halafu jioni ukatamani ungeliandika vingine? Hutokea sana kwa vyama vyetu. Picha ni nzuri, kila mtu anatabasamu, lakini maneno mawili ya chini ya picha yanaharibu mambo. Leo tuone njia rahisi ya kujikinga: kabla ya kuposti, andika kapsheni tatu za tukio hilohilo. Moja iwe rasmi, moja ya upendo, moja ya utani. Kisha uzilinganishe.

Tuchukue chama cha mfano. Akina mama 20, wengine wako Makueni upande wa Kathonzweni, wengine wameolewa Kitui. Kila mwezi kila mmoja alituma Sh2,500 kwa simu. Jumla ni Sh50,000, na mwezi huohuo pesa hizo zilinunua tangi la lita 5,000, mifereji ya paa na usafiri kwa mwanachama mmoja. Walianza Machi 2024. Oktoba 2025, mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia, tangi la 20 lilifika. Aliyelipata wa mwisho ni mweka hazina mwenyewe.

Wakapiga picha mbele ya tangi. Kapsheni ya kwanza iliyowajia ilikuwa hii: "TUMEFIKISHA MILIONI MOJA!!!"

Hesabu si uongo. Sh50,000 mara miezi 20 ni Sh1,000,000. Lakini mtu wa nje akisoma hivyo ataelewa nini? Ataelewa kwamba chama kina milioni moja sasa hivi, na kwamba iko kwenye simu ya mama aliyesimama katikati ya picha. Kumbe pesa ziliingia na kutoka kila mwezi, na kilichobaki ni matangi. Kufikia kesho mpwa atapiga simu akiomba mkopo. Mbaya zaidi, atapiga tapeli anayejifanya mhudumu wa wateja, akiuliza namba ya siri "ili akaunti ya chama isifungwe". (Namba ya siri haulizwi na mhudumu yeyote wa kweli. Akiuliza, kata simu.)

Hapo ndipo kapsheni tatu zinasaidia. Anza kwa kuandika ukweli mtupu kwenye karatasi: nani, nini, lini, ngapi. Hakikisha tarehe na kiasi kwa taarifa ya miamala ya laini ya chama, usitegemee kumbukumbu. Kisha andika.

Rasmi
"Kikundi chetu cha akina mama 20 wa Makueni na Kitui kimekamilisha mzunguko wa matangi ya maji ulioanza Machi 2024. Kila mwanachama alichanga Sh2,500 kwa mwezi. Oktoba 2025 tumekabidhi tangi la 20, la lita 5,000. Michango yote ya mzunguko huu imetumika."

Ya upendo
"Tangi la 20 limefika! Miezi 20 iliyopita tuliahidiana kwamba hakuna atakayebaki nyuma. Misingi tulijenga kwa mwethya, mama kwa mama. Leo ni zamu ya mweka hazina wetu, aliyehesabia wenzake 19 kabla ya kufikia yake. Asante, mama. Mvua ije, itatukuta tayari."

Ya utani
"Tangazo kwa punda wote wa kijiji: mitungi imepungua, mnaweza kupumzika. Akina mama 20, matangi 20, miezi 20. Hata yule wa 'natuma jioni' alituma! Sasa tumebaki na kazi moja tu, kuangalia mawingu."

Sasa zisome kwa sauti, moja baada ya nyingine, mkiwa watu wawili au watatu. Jiulizeni maswali matatu.

La kwanza: ni nini kiko katika zote tatu? Matangi 20 na akina mama 20. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ile milioni haikurudi hata mara moja mlipoanza kueleza kilichotokea, kwa hiyo haikuwa habari. Iacheni.

La pili: mgeni atadhani pesa ziko wapi? Ile rasmi inamjibu wazi: zimetumika. Ya upendo haitaji pesa kabisa, nayo ni salama. Ya utani pia haina kiasi.

La tatu: kuna mtu atakayesoma na kuinamisha kichwa? Hapa ya utani inakwama. Ukumbini wote walicheka kuhusu "natuma jioni", naye mhusika akacheka pia. Lakini kwenye simu kicheko hakisikiki. Wanaobaki ni majirani, wakwe na watoto wake, wakijua ni nani. Huenda miezi ile alikuwa na mgonjwa nyumbani. Mzaha wa kuposti uelekee punda, mawingu, au chama kizima, usimwelekee mwanachama aliyechelewa. Ukiondoa sentensi hiyo moja, kapsheni bado inachekesha.

Kapsheni ya upendo nayo ina mtego wake. Inamsifu mweka hazina, na hivyo inamtambulisha kama mtu anayeshika pesa. Kwa chama kilichomaliza mzunguko, hatari ni ndogo. Kama mzunguko mpya unaanza wiki ijayo, andika "mwenzetu wa mwisho" badala ya cheo chake. Na muulize kwanza kama anakubali picha yake itumike, pamoja na wote wanaoonekana. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inaheshimu ridhaa ya mtu, na hata bila sheria, ni adabu.

Je, waposti ipi? Inategemea msomaji. Ile rasmi inafaa kwa ofisi, kwa mfano mkipeleka maombi ya mkopo au ripoti ya kikundi. Huko andikeni jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi. Ile ya utani, ikishatolewa mwiba, inafaa kundi la WhatsApp la wanachama wenyewe, wanaojua ni punda gani anazungumziwa.

Kwa Facebook, wenzetu wa mfano walichukua ya upendo, wakaandika "mwenzetu wa mwisho", kisha wakaazima mkia wa ile ya utani: "Sasa tumebaki na kazi moja tu, kuangalia mawingu." Tangi likabaki kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu kapsheni ndefu hukatwa na wengi hawabonyezi kusoma zaidi.

Mambo mawili hayakuingia katika kapsheni yoyote. Skrinshoti ya ujumbe wa muamala, kwa sababu hubeba majina, kiasi, na mara nyingi salio. Na nambari ya laini ya chama. Hii ni habari ya kazi iliyokwisha, si ombi la mchango. Ukiweka nambari, mtu anaweza kunakili picha na maneno yako, akabadilisha tarakimu, akaanza kuchangisha kwa jina lenu.

Kazi yote hii huchukua kama dakika 15, muda wa chai kuchemka. Picha itakungoja.