Mto wa Mbu Bila Kuukata

Anayetafuta malazi karibu na Ziwa Manyara huandika kwenye simu “hoteli mto wa mbu”, kwa herufi ndogo, bila nukta wala mkato. Mji huo wa Monduli una jina la maneno matatu ya kawaida kabisa, na hapo ndipo taabu ya injini ya utafutaji inapoanzia. Ikichukua kila neno peke yake, “wa” hutupwa kwa kuwa limo kila mahali, na yaliyobaki huleta kurasa za vyandarua, za malaria, hata za hoteli za Unguja zinazosifia mito yao ya kulalia.

Kwa hiyo kwanza iamue pa kukata. Maneno manne yana nafasi tatu katikati, na kila nafasi ama hukatwa ama huachwa. Jumla ni migawanyo 8. Mwaka 2010 Matthias Hagen na wenzake walionyesha njia nyepesi ya kuchagua. Hesabu kila fungu la maneno limeonekana mara ngapi katika maandishi ya mtandaoni, kisha zidisha kwa uzito unaokua na urefu wake: 4 kwa fungu la maneno mawili, 27 kwa matatu. Neno lililo peke yake halipati kitu.

Tuchukue namba za kubuni. “Mto wa” limeonekana mara 9,000, maana Pangani, Ruvu na Rufiji zote zimo. “Mto wa mbu” ni mara 1,500 tu. Bila uzito, fungu fupi halishindwi kamwe, kwani kila penye “mto wa mbu” pana “mto wa” pia. Kwa uzito, fupi linapata 36,000 na refu 40,500. Migawanyo mingine ina idadi ndogo, tuiache. Jina linabaki zima na “hoteli” inasimama kando.

Sasa jaribu “simba yanga leo”. Majina haya huandamana kila inapokaribia mechi ya watani, hivyo hesabu huyagandisha kama klabu moja. Kinachoumbua kosa ni mpangilio: watu huandika pia “yanga simba”, ilhali anayetaka hoteli haandiki “mbu wa mto”. Orodha ya majina husaidia zaidi, na baadaye Hagen na wenzake walitumia vichwa vya makala za Wikipedia. Kata ya Mto wa Mbu ina makala yake. Simba na Yanga kila moja ina yake.

Orodha hiyo ndiyo pia inayoiambia injini kwamba jina hili ni la mahali, hivyo ramani ifunguliwe. Ila uamuzi huo usigeuzwe sheria. Wapo wanaoandika “Mtowambu”, na injini ikidai maneno matatu yafuatane, nyumba yao ya wageni haitaonekana. Afadhali kurasa zenye jina zima zipandishwe juu, nyingine zishuke bila kufutwa.