Meneja wa mbali hujua kile tu ulichomwandikia

Kampuni nyingi zenye wafanyakazi wanaofanyia kazi nyumbani humpa mwajiriwa mpya kadi chache za picha, za kutelezesha kwa kidole kwenye simu. Moja inasema: zima kipaza sauti usipozungumza. Nyingine inasema: jibu ujumbe kwa wakati. Ya mwisho inasema: mjulishe meneja maendeleo ya kazi yako. Yote ni kweli, ila kadi haina nafasi ya kueleza "kwa wakati" ni muda gani, wala maendeleo yanaelezwaje kwa mtu ambaye huenda hamjawahi kukutana ana kwa ana.

Ofisini meneja hupita karibu na meza yako, akikuona umekunja uso mbele ya kompyuta anauliza kulikoni. Ukiwa Mwanza naye yuko Dar es Salaam, anachokijua kuhusu kazi yako ni kile ulichomwandikia. Ukinyamaza siku mbili, hawezi kutofautisha kama unachapa kazi, umekwama au hujaanza kabisa. Ndiyo maana nitaanza na kadi ya mwisho, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi huumia.

Tuchukue mfano. Binti ameajiriwa na kampuni ya bima. Jumatatu asubuhi anapewa orodha ya wateja 4,200 iliyo kwenye Excel, aisafishe: aondoe majina yaliyojirudia na arekebishe namba za simu. Kazi inatakiwa Ijumaa saa 8 mchana. Jumatano jioni meneja anauliza imefikia wapi, naye anajibu: "Naendelea vizuri dada, nimefika kama asilimia 90."

Jibu hilo linampendeza meneja na halimsaidii kitu. Asilimia ya kukisia kichwani huwa inakimbia mwanzoni na kukwama mwishoni, kwa sababu mtu hufanya kwanza yaliyo rahisi na kuyaacha magumu yamsubiri. Dawa yake ni kuhesabu kitu kinachohesabika. Hapa kinachohesabika ni wateja.

Tuseme binti huyu amehesabu. Jumatatu amemaliza wateja 900, Jumanne 850, Jumatano 850. Jumla ni 2,600, wamebaki 1,600. Wastani wake ni kama 870 kwa siku, hivyo Alhamisi jioni atakuwa amebakiwa na 730 hivi. Siku yake ya kazi ina saa nane, lakini Ijumaa, kabla ya saa 8 mchana, atakuwa na saa tano tu ukiondoa ya chakula. Saa tano zinamtosha wateja kama 540. Maana yake ni kwamba Jumatano jioni, siku mbili kabla, tayari anajua atachelewa na wateja wapatao 190. Siku ya kulisema jambo hilo ni Jumatano. Akilisema Ijumaa saa 7:45 mchana, meneja ambaye alishamwahidi mtu mwingine hana tena la kufanya.

Kuna na kitu kingine alichokigundua. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi, ikianza na sifuri. Excel ikidhani ni namba ya hesabu, huidondosha ile sifuri ya mbele, zikabaki tisa. Hizo zinarekebishika bila shida. Lakini ameona namba 310 zenye tarakimu nane tu. Hizo zimepungukiwa na tarakimu moja zaidi, na hakuna aliyeko nyumbani anayeweza kuibuni. Uamuzi si wake: zifutwe, au zitengwe ili tawi liwatafute wateja wenyewe?

Taarifa yake ya Jumatano jioni basi ingesomeka hivi: "Habari za jioni, dada. Orodha ya wateja: nimemaliza 2,600 kati ya 4,200. Kwa kasi hii, Ijumaa saa 8 mchana nitabakiwa na kama 190. Naomba muda hadi saa 11 jioni siku hiyo, au uniambie ni wateja wa mkoa gani wanaohitajika kwanza nianze nao. Nimekwama sehemu moja: namba 310 zina tarakimu nane, haziwezi kupigika. Napendekeza nizitenge kwenye karatasi yake. Nisipopata jibu hadi kesho saa 4 asubuhi, nitafanya hivyo na kuendelea. Sifuti chochote."

Kuandika hivyo hakuchukui dakika tano. Meneja akisoma anajua kazi ilipo, anajua atachagua nini, na hata akiwa safarini kazi haisimami, kwa sababu amepewa saa ya kujibu na ameambiwa kitakachotokea asipojibu. Njia hiyo ya "nisipopata jibu" itumike kwa jambo linaloweza kurudishwa tu. Kutenga namba kunarudishika. Kufuta namba za wateja au kuwatumia ujumbe hakurudishiki, na kwa mambo ya aina hiyo subiri ruhusa, hata ukichelewa.

Wengi hufundishwa kuandika taarifa kwa maswali matatu: jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nini kinanizuia. Maswali hayo yalienezwa na watengenezaji wa programu za kompyuta wanaofuata utaratibu uitwao Scrum. Waasisi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waliyaondoa kwenye mwongozo wao wa mwaka 2020, wakabakiza jambo moja: je, tunalisogelea lengo? Naona walifanya vema. Mtu anaweza kuyajibu maswali matatu kila siku kwa wiki nzima, "nilifanya orodha, nafanya orodha, hakuna tatizo", na meneja asijue kwamba Ijumaa kuna upungufu.

Sasa kadi ya kujibu ujumbe. Hakuna sheria moja ya muda, lakini ofisi nyingi huishi kwa ngazi zinazoeleweka: simu ikipigwa ni dharura, ujumbe wa Slack au WhatsApp unajibiwa ndani ya saa moja au mbili za kazi, barua pepe ndani ya siku moja ya kazi. Ofisi yako inaweza kuwa na ngazi nyingine, hivyo uliza. Kitu ambacho mgeni hakijui ni kwamba kupokea na kujibu ni mambo mawili. Ukitumiwa swali linalohitaji saa tatu za kutafuta, usikae kimya saa tatu. Andika: "Nimeipata, nitakupa jibu kabla ya saa 9 alasiri." Kwenye WhatsApp hili ni zito zaidi, kwa sababu tiki mbili za bluu zimeshamwambia kwamba umesoma, na kusoma bila kusema neno hueleweka kama dharau.

Na salamu. Kwetu mtu haanzi shida zake kabla ya kumjulia mwenzake hali, na hilo lisiachwe. Tatizo ni kutuma "Habari za leo dada" peke yake, kisha kungoja. Dada yuko kwenye kikao, anaiona baada ya dakika 40, anajibu "Nzuri, za kwako?", wewe nawe umekwenda kula. Saa nzima inapita na jambo halijatajwa. Weka salamu na haja katika ujumbe mmoja: "Shikamoo kaka, habari za kazi. Naomba faili la madai ya Juni, ninalihitaji kabla ya saa 6 mchana." Adabu imebaki, na yeye anaweza kujibu mara moja. Kwa sababu hiyohiyo, jambo la kazi usilitume kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Aliye kikaoni hawezi kuusikiliza, na mwezi ujao hakuna atakayeweza kuutafuta kwa neno.

Kujibu haraka hakumaanishi kujibu usiku. Ufaransa iliweka sheria iliyoanza Januari 2017, inayozitaka kampuni kubwa zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kutosumbuliwa nje ya saa za kazi. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, muulize meneja mapema: ujumbe wa saa 3 usiku unasubiri asubuhi, au la? Wengi huandika usiku ili wasisahau tu, na hawatarajii jibu.

Kwenye vikao, adabu nyingi zinajulikana: ingia dakika mbili kabla, andika jina lako kamili lionekane, zima kipaza sauti jogoo wa jirani asihudhurie. Kwenye Zoom ya kompyuta, ukibonyeza na kushikilia kitufe cha `Space`, kipaza sauti hufunguka mpaka utakapoachia, na hiyo inatosha kwa neno fupi. Kamera ni suala la bando pia. Kwa vipimo vya Zoom yenyewe, sauti hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video nzuri ya watu wawili kama 600 kwenda na 600 kurudi. Kwa saa nzima, video hiyo inakula karibu megabaiti 540. Washa kamera wakati wa kusalimiana, kisha sema wazi: "Naomba nizime kamera, mtandao wangu ni mdogo, nipo nasikiliza." Ukiizima kimyakimya, watadhani umeondoka.

Kinachowaangusha wengi ni saa. Kalenda ya simu huandika 10:00, sisi tunasema saa nne. Ukimwandikia Mkenya au Mtanzania "saa 4 asubuhi" anakuelewa, lakini bosi wa London akisoma "4" atakungoja saa kumi. Katika ujumbe wa kazi kwa mgeni andika kama kalenda inavyoandika, na utaje ni saa za wapi. Tena Uingereza hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadili. Kikao cha saa 3 asubuhi cha London ni saa 6 mchana Nairobi wakati wa baridi yao, lakini Aprili kinakuwa saa 5 asubuhi. Anayekishika kichwani badala ya kukiacha kwenye kalenda atachelewa saa nzima.

Halafu intaneti ikikatika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo huwezi kufungua Slack kuomba radhi. Namba ya simu ya meneja iandike kwenye daftari, na meseji ya kawaida itoke ndani ya robo saa: "Mtandao umekatika, naendelea na kazi isiyohitaji intaneti, nitakupa taarifa saa 8."

Nanyi mameneja, zijibuni taarifa hizi, hata kwa neno "sawa, nimeona". Mwajiriwa mpya akiandika siku tano bila kujibiwa, ya sita hataandika, na kosa la ukimya huo halitakuwa lake.