"Kwa" Mbili Katika Karatasi Moja ya Dawa

Jioni moja hapa Al Wukair, jirani yangu wa Mombasa alinigongea mlango akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe alikuwa katika dawa, na nesi wa shule alitaka maelezo ya Kiingereza kabla ya kumpa kidonge cha mchana. Mama aliandika: "one tablet three times for five days".

Nilimwuliza daktari alisema nini. Akajibu: "Kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Niliona 'kwa siku' imejirudia, dadangu, nikaitoa moja."

Kumbe hizo ni "kwa" mbili tofauti. Ya kwanza inagawa: kila siku mara tatu, na Kiingereza chake ni "a day". Ya pili inapima muda, nayo ni "for". Ukiitoa ya kwanza, msomaji anaweza kuhesabu vidonge vitatu katika siku zote tano, badala ya kumi na tano. Tukasahihisha: "one tablet three times a day for five days".

Tangu hapo nimeacha kutafuta Kiingereza cha "kwa" yenyewe. Kwanza ninairefusha kwa Kiswahili. Nikiweza kusema "kila", ni "a" au "per". Ikikubali "kwa muda wa", ni "for". Ikikubali "kwa kutumia", kama katika "mpimie dawa kwa kijiko", ni "with". Lakini kikiwa chombo cha safari, kama "alikuja kwa basi", ni "by". Ikikubali "kwa sababu ya", mara nyingi ni "because of".

Neno linalofuata likiwa mtu, mara nyingi "kwa" ni mahali pake, na kitenzi ndicho kinachoonyesha upande. Amekwenda kwa daktari ni "to". Yuko kwa daktari ni "at". Ametoka kwa daktari ni "from". Kiswahili hakikubadilisha chochote baada ya kitenzi, ila Kiingereza kimebadilika mara tatu.

Njia hii ina mipaka. "Alikufa kwa malaria" ni sababu, lakini Kiingereza husema "died of malaria", kwa kuwa kitenzi hicho kina kihusishi chake. Vivyo hivyo, katika "amechomwa kwa sindano na nesi", sindano ni "with", na "by" ni ya nesi, yaani ya "na". Wengi wetu huandika "by" kote, na sindano inaonekana kama ndiyo iliyofanya kazi.

Jirani yangu aliisoma karatasi mpya kwa sauti, akahesabu vidonge kwenye pakiti. Vilikuwa kumi na tano kamili.