Antivirusi iko, lakini orodha yake imelala

Katika sekretaria moja ya umma ya Bukavu, mahali wanafunzi wanapotoleshea memuare zao, kuko ordinateri moja ya Windows 10 inayofanya kazi tangu asubuhi mpaka umeme unapokatika. Siku ya tarehe 19 Novemba 2024 mwanafunzi mmoja anafika na flashi yake. «Yaya, unitoleshee hii memuare, kurasa 62.» Kijana wa sekretaria anaingiza flashi, anafungua folda, na anakuta kila folda imegeuka kuwa rakursi: alama ndogo yenye mshale pembeni. Anagonga mara mbili juu ya moja, inafunguka, memuare inatoka kwenye karatasi, mwanafunzi analipa na kuenda zake. Saa mbili baadaye mteja mwingine anarudi na flashi yake akilalamika. Folda zake zote zimekuwa rakursi, na nyumbani mashini yake haioni tena faili zake.

Kijana anashangaa, juu antivirusi iko. Tena asubuhi ile ile ilikuwa imekamata virusi viwili katika flashi ya mtu mwingine. Anajibu mteja: «Mama, hapa kwangu hakuna virusi, antivirusi inafanya kazi. Leo tu imekamata viwili.» Alikuwa anasema kweli, lakini kweli nusu tu.

Ili kuelewa nusu inayobaki, ni lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi wanaviita kwa jina moja la «mizajuru ya antivirusi». Kitu cha kwanza ni programu yenyewe. Cha pili ni orodha ya virusi ambayo programu inaitumia.

Tuseme kuko sentineli kwenye mlango wa parsele. Macho yake, miguu yake, na namna alivyofundishwa kupekua mfuko, hiyo ndiyo programu. Halafu mkononi ana orodha ya wezi wanaotafutwa, na alama zao: mmoja ana kovu shavuni, mwingine anatembea akichechemea. Hiyo orodha ndiyo wataalamu wanaiita ufafanuzi wa virusi. Kwenye Windows ya Kifaransa imeandikwa `Veille de sécurité`. Sentineli anaweza kuwa kijana mwenye nguvu na macho mazuri, lakini kama orodha yake ni ya mwezi uliopita, mwizi aliyeanza kazi juma hili atapita akimsalimia.

Vitu hivi viwili havibadiliki kwa mwendo mmoja. Kwa antivirusi ya Windows, ambayo jina lake ni Microsoft Defender, programu na injini yake ya kupekua zinapata toleo jipya karibu mara moja kwa mwezi. Orodha inatolewa mara nyingi kwa siku moja. Sababu ni kwamba wanaotengeneza virusi hawahitaji kuandika virusi vipya kila mara. Wanachukua kile cha zamani, wanakifunga upya, wanabadilisha jina na mpangilio wa ndani, na alama iliyokuwa inajulikana haipo tena. Kazi ni ile ile, sura ni nyingine. Kule kwenye maabara wanapata sampuli, wanatafuta alama mpya, wanaiongeza kwenye orodha. Mashini isiyopokea orodha hiyo haijui kitu.

Ndiyo maana antivirusi ya sekretaria ilikamata viwili asubuhi. Vilikuwa vya zamani, na alama zao zilikuwa tayari kwenye orodha. Orodha iliyochakaa haifi siku moja. Inaendelea kukamata vya zamani, inapiga kelele, inaonyesha rangi nyekundu, na mwenye mashini anatulia moyo. Kinachopungua ni uwezo wa kuona vipya, na huo unapungua kila siku bila sauti yoyote.

Kuko namna ya kujua ukweli wa mashini. Njia ya macho ni kufungua `Sécurité Windows`, halafu `Protection contre les virus et menaces`, na kushuka mpaka pale inapoonyesha tarehe ya mwisho ya mizajuru. Njia nyingine ni kufungua PowerShell na kuandika mstari huu:

```
Get-MpComputerStatus | Format-List AMProductVersion, AntivirusSignatureLastUpdated, AntivirusSignatureAge
```

Kwenye mashini ya sekretaria jibu lilitoka hivi:

```
AMProductVersion              : 4.18.24090.11
AntivirusSignatureLastUpdated : 03/10/2024 08:14:22
AntivirusSignatureAge         : 47
```

Mstari wa kwanza ni programu. Baada ya 4.18, tarakimu 24 na 09 zinaonyesha mwaka na mwezi: Septemba 2024. Kwa mwezi wa Novemba, sentineli huyu si mzee. Mstari wa pili ni orodha: mara ya mwisho ilipokelewa tarehe 3 Oktoba. Wa tatu unahesabu siku: 47. Mtu anayeangalia namba ya programu peke yake atasema mashini iko sawasawa. Anayeangalia umri wa orodha ataona kwamba kila kirusi kilichopata sura mpya ndani ya siku 47 kilikuwa na nafasi nzuri ya kupita.

Zile siku 47 zilitoka wapi? Kijana alikuwa anaogopa kula mega. Alikuwa anawasha intaneti ya simu dakika chache tu, kwa kutuma barua pepe za wateja, halafu anakata. Hesabu yake inageuka kinyume. Mashini inayopokea orodha kila siku inapakua tofauti tu, kile kilichoongezwa tangu jana, na hicho ni kidogo. Mashini iliyokaa juma nyingi inaweza kulazimika kuchukua orodha nzima, na hiyo inapita mega 100. Kuchelewa kunakula forfe kuliko kusasisha mara kwa mara.

Tena, kukata intaneti kunaondoa msaada mwingine. Defender ikiona faili la mashaka ambalo haliko kwenye orodha, inaweza kuuliza seva za mbali kabla ya kuliachilia. Bila intaneti haiwezi kuuliza. Inabaki na orodha yake, pamoja na uwezo wa kushuku mwenendo mubaya, kwa mfano programu inayoanza kuficha folda za watu. Kushuku huko kunasaidia, lakini hakukamati kila kitu. Kwa hiyo mashini isiyo na intaneti ndiyo inayohitaji zaidi orodha mpya.

Kwa mashini kama hiyo kuko njia. Microsoft inatoa orodha nzima katika faili moja linaloitwa `mpam-fe.exe`. Mtu analipakua mahali penye intaneti nzuri, analiweka kwenye flashi safi, anaenda nalo kwenye mashini na kugonga mara mbili. Ni lazima kuchagua lile linalolingana na Windows yake, ya biti 64 au ya biti 32. Mara nyingi halionyeshi dirisha lolote, na watu wanafikiri halikufanya kitu. Hapo ndipo unarudia ule mstari wa PowerShell: umri ukishuka kuwa 0 au 1, orodha imeingia. Kosa la kawaida ni kuhifadhi faili hilo na kulitumia tena mwezi unaofuata. Faili la mwezi uliopita ni orodha ya mwezi uliopita.

Kosa lingine linatoka kwenye saa. Mashini nyingi za zamani zina pili ndogo ya ndani iliyokufa, na kila umeme ukirudi tarehe inaruka nyuma miaka mingi. Tarehe ikiwa mbaya, mashini inakataa vyeti vya usalama vya seva na mizajuru inashindwa. Hata hesabu ya umri wa orodha haiwezi kuaminika. Kabla ya kulaumu intaneti, aangalie saa kwanza.

Kwenye sekretaria, kazi ya kusafisha ilifuata mpango mmoja. Kwanza orodha mpya iliingizwa. Halafu mashini ilipekuliwa kwa `Microsoft Defender hors ligne`, ambayo inazima na kuwasha ordinateri na kupekua kabla kirusi hakijaamka. Kisha flashi za wateja zilipekuliwa moja moja. Mwisho kabisa faili zilizofichwa zilirudishwa, kwa flashi iliyoonekana kama `E:`

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Faili zilikuwa hazijapotea. Kirusi kilikuwa kimezificha tu na kuweka rakursi mahali pake. Kugonga rakursi kulikuwa kunaamsha kirusi kwanza, halafu kunafungua folda, ndiyo maana memuare ilitoka bila shida. Kama mtu angeanza kwa kurudisha faili, kirusi kilicho hai kingezificha tena mara moja. Na kama mizajuru ingekataa kabisa, wakati intaneti na saa ni nzuri, hiyo yenyewe ingekuwa dalili: kuko virusi vinavyozuia antivirusi kupokea orodha.

Inabaki upande wa pili, yaani orodha mpya kwenye mfumo mzee. Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft ilitangaza kwamba orodha za Defender zitaendelea mpaka Oktoba 2028. Wengine wanasoma hapo kwamba hakuna shida. Lakini orodha inamtambua mwizi; haizibi tundu la ukuta. Mwaka wa 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la Windows ambalo dawa yake ilikuwa imetolewa tarehe 14 Machi. Kilianza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, na kilikuta mashini nyingi ambazo wenyewe walikuwa hawajaweka ile dawa. Saa zile za kwanza, kabla orodha hazijakijua, tundu lililozibwa ndilo lililookoa mashini.

Sasa kwenye ukuta wa sekretaria ile, pembeni ya bei za kutolesha, kumebandikwa kikaratasi chenye tarehe. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kupokea flashi ya kwanza, kijana anaandika mstari wake wa PowerShell na kunakili namba ya siku. Ikipita 3, anawasha intaneti na kungoja orodha iingie. Wateja wanangoja naye.